Kisima cha Sungura kwa lugha ya kitaa: namna ya kuisimulia upya bila kuligeuza funzo

Hadithi ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame, Sungura akagoma kuchimba kisha akaja kuiba maji, inasimuliwa kote kusini na mbali zaidi ya hapo. Ukiwasimulia vijana wa miaka 14 hadi 17 pale Chikongola au Magomeni, Mtwara mjini, kwa Kiswahili cha kitabuni, watakaa kwa adabu mpaka umalize, basi. Ukiwasimulia kwa lugha yao bila kujipanga, watacheka na wataikumbuka, lakini wote watakuwa upande wa Sungura. Lugha ya mtaani ina maneno chungu nzima ya kumsifu mjanja, na machache sana ya kumsifu aliyeshika jembe. Mwongozo huu unahusu tatizo hilo moja, na nitalifuata kwa hadithi hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho.

Kwanza iandike hadithi ikiwa mifupa mitupu

Kabla ya neno lolote la mtaani, andika matukio kwa sentensi fupi zisizo na pambo. Mvua hainyeshi. Wanyama wanakubaliana kuchimba. Sungura anakataa, anasema yeye atakunywa umande. Kisima kinatoa maji. Usiku Sungura anamletea mlinzi asali, anamwambia utamu wake hauvumiliki mpaka mtu afungwe kamba. Mlinzi anakubali mwenyewe kufungwa. Sungura anakunywa, anaoga, anayatibua maji. Mlinzi wa pili anaingia mtego huo huo. Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, anajificha ndani ya maji. Sungura anamkanyaga, ananasa mguu, kisha mwingine, kisha mikono.

Pengine wewe ulisimuliwa tofauti kidogo. Fuata uliyosimuliwa, ila usichanganye matoleo mawili. Kuna toleo ambalo Sungura akishanaswa anawahadaa wanyama na kutoroka. Hilo ni hadithi nyingine yenye shabaha nyingine, na mkia wake ukiushonea hapa, kazi yote ya Kobe inakuwa bure.

Kisha andika funzo kwa sentensi moja, juu ya karatasi, mahali utakapoliona kila unapoandika. Langu ni hili: aliyegoma kuchimba hana maji kisimani, hata awe na akili kiasi gani. Sentensi hiyo haitasemwa na mtu yeyote ndani ya hadithi. Ni ya kukupimia wewe.

Amua kipi kibadilike na kipi kibaki

Kwa kila kitu unachotaka kukibadilisha, uliza kinafanya kazi gani, si kinafanana na nini. Asali inafanya kazi mbili: inamtia mlinzi tamaa, na inampa sababu ya kukubali kamba. Ukiweka chipsi mayai mahali pa asali umepata tamaa, lakini hakuna anayefungwa kamba ili ale chipsi. Mimi nimeweka simu inayoonyesha mechi ya watani, kwa kuwa hapo kamba inapata sababu: goli likiingia shabiki ataruka, na simu itatumbukia kisimani. Kamba yenyewe inakuwa mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Ulimbo unakuwa gundi ya panya, ile inayouzwa sokoni, ambayo kila kijana ameshaona inavyong'ang'ania. Umande unakuwa maji ya chupa.

Maji yenyewe usiyaguse. Vijana wengi wa Mtwara mjini wana bibi zao Newala au Tandahimba, na juu ya Uwanda wa Makonde maji yako mbali chini ya ardhi. Vizazi na vizazi vya wanawake wameteremka mabondeni na ndoo na kupanda nazo. Ukisema kisima, hapa hakuna haja ya kueleza uzito wake.

Nimesikia wazo la kugeuza maji kuwa korosho na Sungura kuwa mnunuzi wa kangomba. Linavutia kwa sababu kangomba kila mtu hapa anaijua. Lakini mtu wa kangomba anatoa hela, hata kama ni kidogo ya kuumiza, na mkulima mwenye shida anakubali kuuza kabla ya msimu. Sungura hakutoa chochote kwa yeyote. Ukiibadilisha hivyo, funzo linahamia kwenye shida na haraka ya muuzaji, na huyo anahitaji hadithi yake mwenyewe.

Kuna vitu viwili ambavyo wasimulizi wapya hupenda kuvikata ili hadithi iende mbio, navyo ndivyo vinavyolishika funzo. Cha kwanza ni uchimbaji. Ukisema tu "wakachimba, maji yakatoka", msikilizaji hajaona gharama, kwa hiyo haoni wizi. Uchimbaji upewe siku zake, malengelenge yake na wimbo wake. Cha pili ni Sungura kuoga. Kunywa peke yake kunasameheka, kiu ni kiu. Kuoga na kutibua ndiko kunakomfanya mtu mwingine, asubuhi, arudi nyumbani na ndoo tupu. Mpe mtu huyo jina na mtoto mgongoni.

Mwisho nao unahitaji uangalifu. Katika baadhi ya masimulizi ya zamani wanyama humpiga Sungura mpaka kufa, na porini hilo hupita. Lakini umeshaweka bodaboda na simu. Kundi la watu likimzunguka mwizi alfajiri mtaani, kijana anaona kitu alichowahi kukiona kwa macho yake, na hadithi inageuka kuwa ruhusa ya kumuua mwizi. Hapa mwisho lazima ubadilike ili funzo libaki. Nimempa Sungura jembe.

Gawanya lugha kabla ya kuandika mazungumzo

Kosa kubwa kuliko yote ni kumpa Sungura misemo yote mitamu, na Kobe akabaki na "ndugu zangu, tushirikiane". Kijana anakaa upande wa anayeongea kama yeye. Basi Kobe naye awe mtoto wa kitaa, ila wa aina nyingine: yule mkimya wa kijiweni ambaye akifungua mdomo, neno linakaa. Sungura aongee sana na ajisifu, Kobe aongee kidogo na apatie. Ukihesabu vicheko, viwili vya mwisho viwe vya Kobe.

Msimulizi, yaani wewe, baki na Kiswahili cha kawaida cha mazungumzo. Maneno ya mtaani yakae midomoni mwa wahusika. Msimulizi akianza kumwita Fisi boya au fala, ameshatoa hukumu, na hukumu yenyewe ni kwamba aliyetapeliwa ndiye mwenye kosa. Fisi ana kosa lake, ni uroho, nao uonekane kwa matendo.

Lafudhi pia. Usimfanye mjinga wa hadithi aseme "ntu" na "Ntwara" ili watu wacheke. Hiyo ni sauti ya bibi na babu wa nusu ya wanaokusikiliza, na utakuwa umewafundisha kitu kingine kabisa. Ukitaka kuitumia, mpe Tembo, mzee wa kikao.

Maneno yenyewe usiyatoe kichwani mwako kama umeshapita umri huo. Msomee kijana mmoja sentensi kwa Kiswahili cha kawaida, mwulize yeye angemwambiaje rafiki yake, uandike alivyosema. Neno asiloweza kulisema mbele ya mama yake liache.

Wimbo wa kuchimba uache kama ulivyousikia. Kama ulikuwa wa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, uimbe hivyo hivyo. Nilioweka hapa chini ni wa kushikilia nafasi tu.

Hadithi yenyewe

Hadithi hadithi! (Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.)

Mwaka huo mvua iligoma. Mwezi wa kumi na mbili ukapita mkavu, wa kwanza ukapita mkavu. Bomba la mtaa likawa linatoa upepo. Wanyama wakaitana chini ya mwembe.

Tembo akasema, "Jamani, hapa hamna namna. Tuchimbe kisima. Kesho alfajiri, kila ntu na jembe lake."

Wote wakaitika. Sungura alikuwa juu ya pikipiki yake, mguu kwenye tangi, anachezea simu.

"Oya, mi msinihesabu," akasema. "Hizo mishe za jembe ni zenu. Mi mtoto wa mjini, nakunywa maji ya chupa. Sijawahi kuota sugu mkononi, na sianzi leo."

Kobe akamwangalia. "Poa, mwana. Hatukuhesabu."

Wakachimba. Mmoja anaimba, "Chimba, chimba!" Wote wanaitika, "Maji yapo chini!" Siku ya kwanza udongo mwekundu. Siku ya pili mwekundu. Siku ya tatu mikono ya Nyani ikatoka malengelenge, akaifunga vitambaa, akarudi shimoni. Siku ya tano Swala akaanguka kwa jua, na mtoto wake mgongoni. Wakambeba kivulini, wakaendelea. Siku ya saba udongo ukawa wa baridi. Siku ya nane, maji.

Wakapanga zamu za ulinzi. Usiku wa kwanza, Fisi.

Sasa, maji ya chupa yana bei, na kiangazi kile bei ilipaa. Usiku Sungura akazima pikipiki mbali, akaja anaisukuma.

"Niaje, Fisi mwanangu. Umekaa gizani peke yako, na leo dabi?"

"Dabi leo? We! Mi sina bando hata la kufungulia meseji."

"Mi ninalo. Cheki." Akaiwasha simu. Fisi akaanza kutokwa na mate.

"Niangalie dakika mbili tu, mwana."

"Mbili za nini? Angalia mechi nzima. Ila we nakujua, goli likiingia unaruka. Simu ikizama kisimani msala, sijamaliza hata kuilipia. Kaa nikufunge kidogo, niiegeshe hapa mbele yako."

"Nifunge, nifunge, fanya fasta, wanapiga kona!"

Sungura akachomoa mipira ya mizigo, akamfunga Fisi mikono, akamfunga miguu, akamfunga na mwembe. Akanywa. Akajaza madumu mawili. Kisha akavua shati, akaingia na sabuni, akaoga mpaka povu likafunika kisima na tope likapanda juu. Akarudi, akachukua simu yake.

"Bado dakika kumi!" Fisi akalia.

"Bando limekata, mwanangu."

Asubuhi Swala akaja na ndoo. Akachota, tope. Akamwaga. Akachota tena, tope na harufu ya sabuni. Akamwaga. Mtoto akalia mpaka jua likapanda.

Usiku wa pili, Simba. "Mi sio Fisi," akasema. "Mechi siangalii."

Sungura hakumletea mechi. "Mzee, unatrendi. Mtu kakurekodi unanguruma, watu kama wote wanakusifia. Unataka komenti? Ila kuna mmoja kaandika ujinga, ukimsoma utaipasua simu yangu kwa makucha. Ngoja nikufunge kwanza."

Asubuhi, tope. Swala akarudi na ndoo tupu mara ya pili.

Kikao. Kobe akasema, "Leo nakaa mi."

Wakacheka. "We? Akikimbia utamkamata mwaka gani?"

"Simkimbizi. Nipakeni gundi ya panya mgongoni, mnizamishe. Atakanyaga mwenyewe."

"Na akija na simu?"

"Huko chini sioni simu."

Usiku Sungura akaja, akaita, kimya. "Wamesanda hao," akasema. Akavua shati, akashuka, akaweka mguu kwenye jiwe. Akataka kuuinua, haukuinuka.

"Oya jiwe, niachie. Unanijua mi nani?" Kimya. "Nina mguu mwingine, nakupa teke." Akapiga. Ukanasa. "Nina mkono, nakuwasha kofi." Ukanasa. "Ninao wa pili!" Ukanasa nao.

Jiwe likaongea. "Umemaliza?"

"Kobe? Mwanangu! Nibandue basi, tuyajenge. Nina mchongo."

"Mchongo ulikuwa siku ile chini ya mwembe," Kobe akasema. "Ukasema tusikuhesabu."

Kulipokucha mtaa mzima ukaja na ndoo. Fisi akataka wammalize pale pale. Tembo akasema, "Hapana. Leteni mafuta ya kula, tumbandue. Halafu npeni jembe."

Sungura akateremshwa kisimani kutoa tope lote alilolitibua, ndoo kwa ndoo. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu malengelenge yakatoka, akaonyesha mikono. Nyani akamrushia vitambaa vyake.

"Na mi nitakunywa?" Sungura akauliza.

Swala akachungulia. "Bado naona tope. Chimba, chimba!"

(Wote: Maji yapo chini!)

Ijaribu, na usikilize wanachojibu

Isome kwa sauti kwanza ukiwa na saa. Hii inachukua kama dakika saba hadi nane ukiimba vizuri, na muda huo unatosha. Ukivuka kumi, simu zitaanza kutoka mifukoni. Halafu isimulie kwa vijana wanne au watano, si darasa zima, bila karatasi.

Ukimaliza usiulize "hadithi hii inatufundisha nini". Hilo ni swali la mtihani, na watakujibu jibu la mtihani: tunajifunza kushirikiana. Hutajua kitu. Uliza maswali mawili tu. La kwanza: Sungura alikosea wapi? La pili: Nyani alimrushia vitambaa kwa nini?

Swali la kwanza ndilo kipimo chenyewe. Wakisema alikosea kukataa kuchimba, au alikosea kuoga kwenye maji ya watu, funzo limefika. Wakisema alikosea kurudi usiku wa tatu, au angevaa viatu, au angetumia fimbo kupima kina, funzo limegeuka. Wamesikia somo la namna ya kutokamatwa. Usibishane nao wala usiongeze hotuba mwishoni; tatizo liko katikati ya hadithi, na mara nyingi ni mojawapo ya sehemu tatu. Ama uchimbaji ulipita haraka, ama tukio la Swala na ndoo lilipita haraka, ama Fisi na Simba walichekesha mno kiasi kwamba usiku zile mbili zikawa ndiyo hadithi. Rudisha uzito hapo, punguza maneno ya Sungura kwenye usiku wa pili, kisha ijaribu kwa kundi jingine. Kundi la kwanza limeshaijua.

Swali la pili linaonyesha kama mwisho umeeleweka. Wengine watasema Nyani alimhurumia, wengine watasema alimkejeli, na mabishano hayo yaache yaendelee, yote mawili yamo ndani ya hadithi. Kinachotakiwa ni wakumbuke kwamba vitambaa vile vilitoka wapi. Kama hakuna anayekumbuka siku ya tatu ya uchimbaji, rudi ukaipunguze kasi: taja mikono, taja kitambaa, nyamaza kidogo, ndipo uimbe.

Maneno ya mtaani yatachakaa. Ukiisimulia tena baada ya mwaka mmoja au miwili, "wamesanda" huenda likawa neno la kaka zao, na ukilisema watatabasamu kwa kukuhurumia. Kwa sababu hiyo weka nakala mbili: ya mifupa, ambayo haibadiliki, na ya mazungumzo, ambayo kila mara unampa kijana mmoja aipitie na kalamu. Akibadilisha maneno ya Sungura, mwachie uhuru wote. Akigusa ya Kobe, soma tena sentensi uliyoandika juu ya karatasi kabla ya kukubali.